Fremu ya kati: video ya fremu 30 inapogeuzwa kuwa 60, na dosari zinazozaliwa humo

Kijana ninayefanya naye kazi ya kuhariri aliniita kwenye skrini yake. Alikuwa na kipande cha video kutoka mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza: mtumbwi unapita mbele ya mawe, mtu mmoja amesimama, mwingine anapiga kafi. Alikuwa amekigeuza kutoka fremu 30 kwa sekunde kuwa 60 ili kilingane na vipande vingine vya kazi ile. "Kaka," aliniuliza, "mbona kafi limekuwa mawili? Na huyu aliyesimama, mbona mawe yanayeyuka pembeni yake?"

Jibu lote liko kwenye jambo moja: fremu ya kati haikupigwa na kamera. Imekisiwa.

Video ya fremu 30 ina picha moja kila baada ya milisekunde 33 na kidogo. Ukitaka 60, kati ya kila picha mbili lazima ipatikane moja zaidi. Njia rahisi ni kurudia ile iliyotangulia. Namba itasomeka 60, lakini mwendo utabaki ule ule. Njia ya pili ni kuchanganya picha mbili nusu kwa nusu, na hapo kila kinachokwenda huonekana mara mbili, hafifu hafifu, kama kioo cha dirisha kinapoakisi. Njia ya tatu ndiyo tunayoiita intapolesheni ya mwendo. Programu inaikata picha ya kwanza kuwa vipande vidogo, inatafuta kila kipande kimehamia wapi kwenye picha ya pili, kisha inakichora katikati ya safari hiyo. Mtumbwi ukihama piseli 12 kutoka picha moja hadi nyingine, kwenye fremu ya kati utachorwa ukiwa umehama 6.

Kwa mtumbwi wenyewe hesabu hiyo inakubali vizuri sana. Ni kitu kikubwa, kinakwenda taratibu, na kina rangi zinazotambulika. Tatizo linaanza kwa vitu ambavyo havina safari ya kufuatilia.

Mtazame huyo mtu aliyesimama. Kamera imetulia, naye anakwenda kulia piseli 12 kwa kila picha. Nyuma yake kuna mawe yetu ya Mwanza, yenye nyufa, madoa na weupe wa kinyesi cha ndege. Kila anaposogea, upande wake wa kushoto unafunuka ukanda wa jiwe wenye upana wa piseli 12, ambao kwenye picha ya kwanza ulikuwa umefichwa na mwili wake. Upande wa kulia, ukanda kama huo unafunikwa. Kwa hiyo kuna sehemu za jiwe zinazoonekana kwenye picha moja tu kati ya zile mbili. Programu ikijaribu kutafuta mwenzake kwenye picha nyingine, hayupo. Itashika kipande chochote kinachofanana kidogo, mara nyingi kipande cha shati au jiwe la mbali, na kukibandika hapo. Ndipo unapoona mawe yakitetemeka kumzunguka mtu kama hewa juu ya jiko la mkaa.

Programu nzuri hujaribu kutambua sehemu za namna hii, ikachukua kilichofunuka kutoka picha ya pili peke yake na kinachokaribia kufunikwa kutoka ya kwanza. Inasaidia, lakini ni kisio pia. Mtu yule yule angepita mbele ya anga tupu, kosa lingekuwepo na usingeliona, kwa sababu anga iliyokosewa bado ni anga. Mawe hayasamehe hivyo. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza mandhari ya nyuma, kabla hata ya kasi ya kitu chenyewe, ninapoamua kama kipande kitavumilia kazi hii.

Kafi lina ugonjwa mwingine. Ncha yake kwenye video ile ilikuwa inahama kama piseli 90 kati ya picha na picha. Programu huwa na mpaka wa umbali inaotafuta. Kwenye FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi, kichujio cha intapolesheni ni `minterpolate`. Mpaka huo humo unaitwa `search_param`, na usipougusa ni piseli 32. Kafi lililoruka piseli 90 liko nje ya eneo la msako, basi programu haioni kwamba limehama. Inaona limepotea hapa na jingine limezuka pale. Matokeo yake ni makafi mawili hafifu, au moja lililokatika katikati. Unaweza kuongeza mpaka, lakini kazi itakuwa nzito zaidi, na kadiri eneo linavyopanuka ndivyo vipande vya uongo vinavyofanana na cha kweli vinavyoongezeka.

Maji nayo, hasa asubuhi jua likiwa chini, ni kesi ngumu kuliko zote. Mmeto mmoja juu ya wimbi unaweza kuwaka na kuzimika kabla picha inayofuata haijapigwa. Hauna mahali ulipohamia. Programu itaunganisha mmeto huu na mwingine wa jirani usiohusiana nao, na uso wa ziwa utakuwa mzito, unavutika kama uji wa ulezi. Watazamaji wengi hawatakuambia kosa ni nini, ila watasema maji hayaonekani kama maji.

Sasa, utajuaje kwamba dosari imetokana na intapolesheni na si kamera au mgandamizo wa faili? Pitia fremu moja moja. Kwenye mpv, programu ya kuchezesha video, kitufe cha nukta kinasogeza mbele na cha mkato kinarudisha nyuma. Kama chanzo kilikuwa 30 kamili na umekwenda 60 kamili, fremu moja ni ya kweli na inayofuata imekisiwa, moja kwa moja hadi mwisho. Dosari inayokuja na kuondoka, fremu hii ipo, inayofuata haipo, ni ya intapolesheni. Iliyopo kwenye zote ilikuwa kwenye chanzo.

Kipimo hiki kinaharibika kwa jambo dogo ambalo limewaponza wengi. Kamera nyingi zinazoandikwa 30 kwa kweli zinapiga 29.97, yaani 30000/1001. Ukiipeleka video hiyo kwenye 60 badala ya 60000/1001, saa za fremu mpya zinaachana kidogo kidogo na saa za fremu za kweli. Baada ya sekunde 8 hivi hakuna fremu ya asili inayobaki popote. Kila unachokiona kimekisiwa, robo ya safari au robo tatu. Zinakutana tena kwenye sekunde ya 17 hivi, kisha zinaachana upya. Video inakuwa safi, inachafuka, inasafika tena, na mhariri anahangaika kutafuta sababu kwenye maji au mwanga. Kwa hiyo soma chanzo kwanza:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 \
 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate \
 -of default=nw=1 mwalo.mp4
```

Namba hizo mbili zikitofautiana, huenda ni video ya simu ambayo kasi yake inapanda na kushuka. Hiyo inyooshwe kwanza iwe na kasi moja, na uikague kama kuna fremu zilizorudiwa. Fremu iliyorudiwa inaiambia programu kwamba dunia imesimama kwa muda, halafu inayofuata inaruka umbali maradufu.

Kuna jaribio moja ninalompa kila anayejifunza kwangu, kwa sababu linatoa ukweli wa kulinganisha nao. Nenda mwaloni, piga sekunde 10 kwa fremu 60 halisi. Una fremu 600. Tupa moja kati ya kila mbili, ubaki na 300:

```
ffmpeg -i halisi60.mp4 -an \
 -vf "select='not(mod(n,2))'" -r 30 nusu30.mp4
```

Kisha iambie programu izikisie zile ulizozitupa:

```
ffmpeg -i nusu30.mp4 -an -vf \
 "minterpolate=fps=60:mi_mode=mci:mc_mode=aobmc:me_mode=bidir:vsbmc=1" \
 kisio60.mp4
```

Sasa una kisio na una kweli yake, ziweke pamoja kwenye skrini. Tulipofanya hivyo na yule kijana, mwili wa mtumbwi ulikuwa karibu sawa kabisa. Mpiga kafi alikuwa na mkono mzima kwenye fremu halisi, na kwenye kisio alikuwa na kiwiko kilichotengana na kifundo. Kijana alikaa kimya akirudisha mbele na nyuma fremu hizo mbili kwa muda mrefu. Baada ya hapo hakuhitaji maelezo yangu.

Jaribio hilo lina upendeleo mmoja. Video iliyopigwa kwa 60 kwa kawaida shata yake, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ni fupi, kwa hiyo picha zake ni kali. Video ya kawaida ya fremu 30 ikipigwa kwa shata ya sekunde 1/60, kafi linalohama piseli 90 kwa fremu litaacha ukungu wa piseli 45. Ungelipiga kwa 60 na shata ya 1/120, ukungu ungekuwa kama 22. Intapolesheni haiuondoi ukungu huo: inauhamisha ulivyo hadi kwenye fremu ya kati. Mwendo utakuwa laini zaidi, lakini kila picha itabaki na ukungu ule ule, na mteja anayetarajia ukali wa 60 halisi hataupata.

Mpangilio wa kazi nao una uzito. Maandishi na nembo viwekwe baada ya kukisia, kamwe si kabla, maana herufi iliyotulia juu ya maji yanayokwenda itavutwa kingo zake. Kila kipande kigeuzwe peke yake kabla ya kuunganishwa. FFmpeg hujaribu kutambua mahali picha inapokatika kwenda tukio jingine, lakini mikato laini, ile ya picha moja kufifia ndani ya nyingine, inaweza kuipita, na hapo uso wa mtu huyeyuka kuwa jengo. Na unapokagua kwenye televisheni, zima kwanza kipengele chake cha kulainisha mwendo. Nyingi zinafanya intapolesheni zenyewe, na utahukumu kazi ya televisheni ukidhani ni yako.

Kipande cha Kirumba tulikigawa. Sehemu ambayo mtumbwi unakaribia kwa mbali, kabla kafi halijawa kubwa kwenye picha, tuliiacha na intapolesheni. Kuanzia pale mtu aliyesimama anapofika mbele ya mawe, tulitumia `mi_mode=dup`, yaani kila fremu ya kweli inarudiwa mara mbili. Kuna mshtuko mdogo wa mwendo pale inapobadilika, na ukiujua utauona. Lakini mkono wa mpiga kafi ni mzima, na jiwe limetulia nyuma yake.