Nafasi Imejaa kwenye Simu: Cha Kufuta na Cha Kuacha

Unataka kusasisha programu ya benki, Play Store inagoma, inasema nafasi haitoshi. Ukiangalia, programu ina MB 90 na simu imebakiwa na MB 300. Mbona inakataa? Wakati wa kusasisha, simu hupakua toleo jipya na kuliandaa huku la zamani likiwa bado lipo, na Android nayo hubakiza nafasi ya kujiendeshea. Ndiyo maana ni vizuri kuacha angalau GB 1 wazi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia Settings, kisha Apps, wakachagua WhatsApp kwa kuwa ndiyo imekula nafasi kubwa. Ndani ya Storage wanakuta vitufe viwili. Clear cache huondoa faili za muda tu, haina madhara. Kingine huandikwa Clear storage au Clear data, na hicho tunakuomba sana usikiguse: kinairudisha programu kama ilivyokuwa siku ya kwanza, na mazungumzo ambayo hayajahifadhiwa nakala huenda yasipatikane tena. Kuifuta WhatsApp ili uiweke upya kuna hatari hiyohiyo.

Nafasi ya WhatsApp ipunguzie ndani ya WhatsApp yenyewe. Fungua Settings, Storage and data, halafu Manage storage. Utaona video zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Tuchukue simu ya GB 32 ya mama mwenye duka, yuko kwenye makundi ya kikoba, ya ukoo na ya wazazi wa shule. Video moja ya harusi ya MB 60, ikitumwa upya na watu tofauti kwenye makundi hayo, huenda ikajirudia humo. Akipanga kwa ukubwa na kufuta video 20 za aina hiyo, amepata zaidi ya GB 1, na hajagusa ujumbe hata mmoja wa mteja. Picha za risiti na mikataba azihamishie kwanza kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, na azifungue huko kuhakikisha zimefika salama.

Kwa picha za kamera, tahadhari ni nyingine. Ukifuta picha ndani ya Google Photos ikiwa imeshahifadhiwa mtandaoni, inaondoka kote kuwili. Tumia Free up space, ambayo huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kuhifadhiwa, na uanze kwa kuhakikisha kwamba uhifadhi huo umekamilika kweli: akaunti ya bure ina GB 15, zinazogawanywa na barua pepe, na zikijaa picha mpya haziendi.

Umefuta na nafasi haijaongezeka? Angalia Trash. Picha zilizofutwa hukaa humo kwa siku kadhaa zikiendelea kula nafasi. Zipitie moja moja kabla ya kuzimaliza, kisha ujaribu kusasisha tena.