Sauti mbili za papa, na kosa langu la sauti tano

Watu wengi huniuliza kwa nini natunga muziki mchache hivyo kwenye filamu. Jibu langu huanza na papa.

Katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, mtunzi John Williams alimpa papa sauti mbili tu zilizo jirani, mi na fa, zikipigwa chini kabisa na selo na besi. Kwa muda mrefu papa mwenyewe haonekani. Sauti zikija taratibu, yuko mbali. Zikiharakisha na kupanda, amefika. Huo ndio laitimotifu: kipande kifupi cha muziki kilichofungwa kwa mhusika, hata sikio likamjua kabla ya jicho.

Ila kipande hicho hufanya kazi kwa sababu hakidanganyi. Kuna tukio la watoto wawili wanaowatisha waogaji kwa pezi la bandia. Watu wanakimbia hovyo, lakini muziki haupo. Papa wa kweli anapoingia kwenye maji ya ndani muda mfupi baadaye, sauti zile zinarudi. Mtazamaji ameshafundishwa kuziamini. Ndipo baadaye papa anaibuka ghafla pembeni mwa mashua pasipo muziki wa kumtangulia, na watu wanaruka vitini.

Mimi uaminifu huo niliuvunja. Nilitunga muziki wa filamu fupi iliyopigwa hapa Mji wa Kale, kuhusu msichana ambaye mamake ameenda Uarabuni kufanya kazi. Mama nilimpa sauti tano za udi, nikazipiga mara tatu akiwa mbele yetu: anakaanga mahamri, anamsuka bintiye, anafunga sanduku. Baada ya safari, jirani anapita kichochoroni amejitanda leso kama ile ya mama. Picha ilikuwa nzuri, nami nikazipiga tena zile tano nzima, kwa kupenda uzuri tu.

Tulipoionyesha kwa mara ya kwanza, bi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, yule mama alirudi lini? Mbona hakuingia nyumbani?" Hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyemwambia mama amerudi.

Nikauondoa udi kichochoroni, zikabaki nyayo na kelele za mikokoteni. Kipande nikakihamishia pale msichana anapoitoa leso ya mama kabatini na kuinusa, lakini safari hii nikapiga sauti tatu za mwanzo, kisha nikanyamaza. Sikio linazingoja mbili zilizobaki kama mtu anayekatizwa katikati ya neno, na kile kiu ndicho upweke wa yule mtoto; sikuhitaji fidla za kuliza watu.

Zile mbili niliziweka mwishoni kabisa, simu inapolia usiku na msichana kuiinua.