Kuweka alama kwenye Incremental refresh hakutoshi

“Incremental refresh nimeshaiwasha, mbona dashibodi bado inakokota?” Jamani! Kile kitufe cha Power BI hakipunguzi data. Kinagawa jedwali vipande kwa tarehe, kisha kila kipande kinatuma hoja yake kwenye chanzo. Anayepunguza data ni chujio lako, na ni lazima lifanye kazi ndani ya hifadhidata yenyewe.

Tuseme jedwali la mauzo kwenye SQL Server lina mistari milioni 40, unahifadhi miaka 3 na kusasisha siku 10. Tengeneza `RangeStart` na `RangeEnd`, zote za aina ya `Date/Time`, majina yaandikwe hivyo hivyo, kisha:

```
= Table.SelectRows(Mauzo, each [TareheMauzo] >= RangeStart and [TareheMauzo] < RangeEnd)
```

Alama ya usawa iwe upande mmoja tu, la sivyo mstari wa saa sita kamili usiku utaingia vipande viwili.

Sasa, ukitanguliza hatua isiyotafsirika kuwa SQL, mfano `Table.Buffer`, chujio halifiki kwenye seva. Kila kipande cha siku kitavuta milioni 40 zote, kisha kitupe karibu zote. Siku 10, safari 10! Hapo umefanya mambo kuwa mabaya kuliko kabla ya kuweka alama. Bofya kulia hatua ya mwisho, fungua `View Native Query`, utafute `WHERE` yenye tarehe. Ikiwa imefifia, usihukumu papo hapo; kwa baadhi ya vyanzo hufifia hata mambo yakiwa sawa. Ushahidi wa kweli ni hoja zinazoonekana kwenye seva wakati wa kusasisha.

Usasishaji wa kwanza baada ya kuchapisha huvuta miaka yote 3, kwa hiyo subiri. Ukichapisha tena kutoka Desktop, vipande vinafutwa na unaanza upya.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kuchuja kwa tarehe ya marekebisho, “ili mabadiliko yasitupite”. Risiti iliyoingia 3 Machi imekaa kwenye kipande cha 3 Machi. Ikirekebishwa 28 Machi, kipande cha tarehe 28 kinaichukua, lakini cha tarehe 3 kiko nje ya siku 10 na hakiguswi. Risiti moja, mauzo mawili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Chuja kwa tarehe isiyobadilika. Ile ya marekebisho iweke kwenye `Detect data changes`, ambayo husasisha tu siku zilizobadilika ndani ya dirisha la siku 10.

Ndiyo, risiti ile ya Machi bado itabaki na thamani ya zamani, dirisha likiwa siku 10. Je, ziwe 30? Sina kanuni. Hesabu kwenye chanzo marekebisho huchelewa siku ngapi, kisha uongeze kidogo. Hata hapo ni kubahatisha kwa adabu. Na mstari ukifutwa kabisa kwenye chanzo, `Detect data changes` inaweza isigundue, maana inaangalia thamani ya juu kabisa ya safu ile, na kufuta si lazima kuibadilishe.