Kwa nini bomba linagonga ukifunga koki ghafla?

"Jamani naomba kuuliza, kwetu Makorora hapa Tanga koki ya uani nikiifunga tu bomba linapiga ukutani gwaa, kama mtu ana nyundo, na usiku ndo balaa zaidi, ila koki za ndani kimya kabisa. Tatizo nini na nafanyaje?"

Pole dada, na hapo kwenye koki za ndani kuwa kimya umeshatoa nusu ya jibu. Kwenye nyumba nyingi zenye tanki, koki za ndani zinakula maji ya tanki la juu, ya uani imeungwa moja kwa moja na laini inayotoka kwenye mita ya maji. Tanki likiwa mita 3 juu ya koki presha yake ni ndogo, maji yanatembea taratibu. Laini ya mita ina presha kubwa, na usiku watu wakilala matumizi yanapungua mtaani, presha inapanda tena, ndo maana unasikia zaidi.

Sasa kinachogonga ni maji yenyewe. Chukua bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 30 kutoka mita hadi uani, humo ndani kuna kama kilo 5 za maji na zote zinatembea. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 2 spidi yake ni karibu mita 1 kwa sekunde. Ukifunga ghafla, maji ya mwanzo yanakwama kwenye koki, ya nyuma bado yanakuja yanayabana ya mbele, na kwa vile maji hayabonyei kirahisi ile spidi inageuka presha, inarudi nyuma kwenye bomba kama wimbi, kwenye chuma linakimbia karibu mita 1,300 kwa sekunde. Mrusi Nikolai Zhukovski alilichunguza jambo hili kwenye mabomba ya maji ya jiji la Mosko mwishoni mwa miaka ya 1890, na hesabu yake ndo inatumika mpaka leo: kwa spidi hiyo ya mita 1, kwenye bomba la chuma presha inaongezeka ghafla sawa na ya tanki lililoinuliwa mita 130 hivi! Bomba la plastiki linatanuka kidogo kwa hiyo inakuwa kama mita 40 hadi 50. Na ndoo ikijaa kwa dakika 1 badala ya 2, zidisha mara mbili. Kipigo hicho kinalirusha bomba pale kwenye kona, kama halijafungwa vizuri linapiga ukuta, ndo ule mlio.

Dawa ya kwanza ni mkono. Maji hayohayo ukiyasimamisha polepole kwa sekunde 1 nzima, nyongeza inashuka mpaka kama mita 3 tu. Ila koki za mpini, zile za kugeuza robo mzunguko, zinakata maji mengi mwishoni kabisa mwa mpini, kwa hiyo hata ukianza taratibu ukamalizia kwa nguvu litagonga tu. Ile hatua ya mwisho ndo uivute pole. Kama kuna watoto wanaochota kila saa na hawawezi kukumbuka, weka koki ya kuzungusha, hiyo haifungiki haraka hata ukitaka.

Ya pili, punguza spidi. Weka ndoo chini ya koki, fungua yote, angalia saa. Kisha nenda kwenye geti valvu iliyo upande wako baada ya mita, ifunge kidogo kidogo, mizunguko ya mwanzo hutaona tofauti usishangae, endelea mpaka ndoo ichukue muda mara mbili ya mwanzo. Hapo na kipigo kimebaki nusu.

Klampu nazo zinasaidia, funga bomba ukutani hasa karibu na kona, katikati weka kipande cha tyubu ya baiskeli. Lakini mimi singeishia hapo, maana klampu inaua mlio tu, presha ipo palepale inaendelea kula maungio na washa za koki, siku moja unakuta ukuta una unyevu.

Fundi anaweza kukuwekea tii karibu na koki na kipande cha bomba kilichosimama wima, juu kimezibwa, hewa iliyo ndani ndo inapokea kipigo. Kinafanya kazi vizuri, ila hewa inayeyuka kwenye maji polepole, baada ya muda kinajaa maji na gwaa inarudi. Ikirudi usiite fundi: funga geti valvu, fungua koki mpaka maji yote yatoke na hewa ipande, funga koki, halafu fungua geti valvu taratibu.

Na kama kuna siku linagonga mfululizo usiku bila mtu kugusa koki, panda uangalie boya la tanki. Tanki likikaribia kujaa mawimbi yanalichezesha boya, valvu yake inafunga na kufungua yenyewe, na kila ikifunga ni kipigo. Hapo punguza maji yanayoingia tankini, boya litatulia.