“Andika BEI tukutumie”: wauzaji wanavyodhani na inavyokuwa

Chukua posti ya raba nyeusi za duka moja la Kariakoo kwenye Instagram. Chini yake pameandikwa: “Andika BEI kwenye komenti, tunakutumia DM sasa hivi.” Muuzaji ameunganisha akaunti yake ya biashara na mtambo wa kujibu komenti kwa DM, huduma kama ManyChat, akaweka neno moja la kuuamsha, BEI, kisha akaenda kufungua mabelo.

Dhana: anayeuliza bei atajibiwa.

Mtambo hauelewi swali, unalinganisha herufi. Wateja wa posti ile wameandika hivi: “Bei”, “Bei gani dada”, “Shingapi”, “Hizo ni kiasi gani?”, na wa mwisho: “Bei mmepandisha, halafu mzigo wangu wa Mwanza mpaka leo sijapata.” Ukichagua komenti iwe neno hilo peke yake, atajibiwa wa kwanza tu. Ukichagua komenti iwe na neno hilo ndani yake, unawapata wawili wa mwanzo, na pamoja nao yule anayedai mzigo wake. Huyo anapelekewa orodha ya bei, na hadharani anajibiwa: “Asante mpendwa, tumekutumia DM 😍”. Wapita njia wote wanasoma.

Dawa yake si kurundika maneno. “Shingapi”, “sh ngapi”, “kiasi gani” na “pesa ngapi” (kama una wateja wa Kenya) yaingie. Lakini “ngapi” peke yake usiiweke, kwa kuwa itamnasa pia anayeuliza “namba ngapi zipo?” au “mnafunga saa ngapi?” Kama huduma yako ina sehemu ya maneno ya kuzuia, weka humo “mzigo”, “sijapata”, “hela yangu” na “tapeli”. Komenti hizo zinahitaji mtu azijibu.

Dhana: ikishaandikwa “imetumwa”, mteja ameiona.

Hapa ndipo wengi wanapopotezea wateja bila kujua. Anayekufuata anaupata ujumbe kwenye inboksi yake ya kawaida. Asiyekufuata, ambaye ndiye mteja mpya uliyekuwa unamtafuta, unamwangukia kwenye folda ya Requests, na wapo ambao hawajawahi kuifungua. Ndiyo maana utaona mtu anarudi kwenye komenti: “Mbona sijaona kitu?” Muuzaji naye anashangaa, kwa sababu alipojaribu na simu ya mdogo wake ilifika vizuri. Mdogo wake anamfuata! Jaribu na akaunti isiyokufuata, wala usijaribu kwa kukomenti na akaunti ya duka lenyewe. Na jibu la hadharani liseme wazi: “Angalia DM, usipoona fungua Requests.”

Dhana: nikishaingia DM yake, nitaendelea kumkumbusha.

Instagram inaruhusu mtambo utume ujumbe mmoja tu kwa komenti moja, tena ndani ya siku 7 tangu komenti iandikwe. Mteja asipojibu, mtambo umeishia hapo. Akijibu au akibonyeza kitufe ulichoweka, linafunguka dirisha la saa 24 ambamo mtambo unaweza kuendelea.

Kwa hiyo kuna wanaoandika, “Habari mpendwa! Bonyeza hapa upate bei,” ili dirisha lifunguke. Mimi siupendi mtindo huu. Mteja wa kwetu ameshatapeliwa vya kutosha, na kitufe kutoka kwa mtu asiyemjua hakibonyezi. Ujumbe wako ni mmoja, basi bei iwe humohumo: “Raba nyeusi, namba 38 hadi 43, 42,000. Dar tunaleta, mikoani tunatuma kwa basi.” Orodha ya bidhaa 60 hata haitoshi, kwani ujumbe wa namna hii una kikomo cha herufi kama 1,000. Isitoshe, aliyeuliza raba nyeusi hana haja ya kusoma bei za makobazi. Hilo hutokea pale muuzaji anapoweka kanuni moja kwa posti zote badala ya kila posti na jibu lake.

Dhana: bei inajibadilisha yenyewe.

Maandishi yanabaki kama ulivyoyaacha. Mzigo mpya ukija na bei ya 48,000 na ujumbe bado unasema 42,000, mteja atakuja na skrinshoti, na haki iko upande wake. Posti za zamani nazo bado zinapokea komenti, za bidhaa iliyokwisha pia.

Dhana: bei ikiwa DM washindani hawataijua.

Mshindani naye anaandika BEI, anatumiwa kama wengine. Raba ya bei moja iandikwe bei yake kwenye posti. DM ibaki kwa bei zinazotegemea jambo, kama jumla kuanzia pea 6 au usafiri wa mkoani.

Na komenti zikianza kupita bila mtu yeyote kupata ujumbe, kabla hujamlaumu wa huduma, ingia kwenye mipangilio ya ujumbe ya Instagram uone kama “Allow access to messages” bado imewashwa. Ikizimwa, huduma ya nje haiwezi kuzifikia DM zako.