Yai limemtangulia kuku, kwa mujibu wa Granger

Mwaka 1988 wachumi wawili wa kilimo wa Marekani, Walter Thurman na Mark Fisher, walichapisha makala fupi yenye utani usoni na hesabu kamili ndani yake. Walichukua takwimu za Marekani za mwaka 1930 hadi 1983: idadi ya kuku na jumla ya mayai yaliyotagwa kila mwaka. Kisha wakauliza swali tulilolijua tangu utotoni: kipi kilianza? Jibu lao lilikuwa yai. Takwimu hizo zimo ndani ya programu ya R, kwenye pakiti ya `lmtest`, na mimi huwapa wanafunzi wangu kabla ya mfano mwingine wowote, kwa sababu hakuna anayeweza kusahau kwamba kuku hutaga.

Kipimo walichotumia kimepewa jina la Clive Granger, Mwingereza aliyekipendekeza mwaka 1969 na baadaye, mwaka 2003, akapata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Robert Engle. Wazo lake ni jepesi. Unataka kutabiri idadi ya kuku mwaka huu. Kwanza tabiri kwa kutumia idadi ya kuku ya miaka iliyopita peke yake, uone unakosea kwa kiasi gani. Halafu rudia hesabu ileile ukiongeza mayai ya miaka iliyopita. Kama makosa yamepungua kuliko ambavyo bahati tu ingeweza kuyapunguza, basi mayai yana habari kuhusu kuku wa kesho ambayo kuku wenyewe hawakuwa nayo.

Kwenye R ni mistari michache:

```r
library(lmtest)
data(ChickEgg)
grangertest(chicken ~ egg, order = 3, data = ChickEgg)
grangertest(egg ~ chicken, order = 3, data = ChickEgg)
```

`order = 3` maana yake tunarudi nyuma miaka mitatu. Takwimu ni za miaka 54, lakini mitatu ya mwanzo haina miaka ya kutosha nyuma yake, kwa hiyo inabaki 51. Modeli kubwa ina namba saba za kukadiria: moja ya kudumu, tatu za kuku na tatu za mayai. Modeli ndogo inaziacha zile tatu za mayai. Kipimo cha F kinalinganisha makosa ya modeli hizo mbili. Mstari wa kwanza unatoa F ya 5.405 na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata F kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, ya 0.003 hivi: mayai yanasaidia kutabiri kuku. Mstari wa pili unatoa F ya 0.59 na p ya 0.62. Kuku wa miaka iliyopita hawaongezi chochote katika kutabiri mayai, ukishayajua mayai ya nyuma.

Angalia vizuri mpangilio wa fomula: kinachotabiriwa kiko kushoto. Wanaotumia Python, `grangercausalitytests` ya `statsmodels` inapima kama safu ya pili inasaidia kutabiri ya kwanza. Nimesoma ripoti zilizoandikwa kwa uhakika mkubwa huku mwelekeo ukiwa umegeuzwa.

Sasa tuje kwenye matokeo ya pili, maana ndiyo yenye somo. Ukisoma p ya 0.62 kama habari za chanzo na matokeo, utakuwa umesema kuku hawasababishi mayai. Hakuna mfugaji atakayekusikiliza. Kilichotokea ni kwamba mchango wa kuku umeshafichwa ndani ya mayai yenyewe: kuku waliokuwepo mwaka jana walitaga mwaka jana, na mayai hayo tayari yamo kwenye modeli ndogo ya mstari wa pili, inayotumia mayai ya nyuma peke yake. Idadi yao haileti habari mpya. Tena kuku walihesabiwa tarehe 1 Desemba, bila wale wa nyama wanaofugwa kibiashara, wakati mayai ni jumla ya mwaka mzima. Sehemu kubwa ya uhusiano wao inapita ndani ya mwaka mmoja, na kipimo kinachotazama miaka ya nyuma tu hakiwezi kuuona. Kwa hiyo "haisaidii kutabiri" haimaanishi "haisababishi".

Matokeo ya kwanza nayo yanahitaji tahadhari, ingawa yanapendeza zaidi. Ni rahisi kusema mayai yanaanguliwa, vifaranga wanakua, idadi ya kuku inapanda, hadithi imekwisha. Lakini sehemu kubwa sana ya mayai huliwa. Yanayokwenda kwenye mashine za kuangulia ni machache mno kuweza kuamua jumla. Njia nyingine inayoaminika ni bei. Mayai yakijaa sokoni bei inashuka, na mfugaji anapunguza kuku mwaka unaofuata. Hapo mayai mengi yangetangulia kuku *wachache*. F haikwambii ni ipi kati ya njia hizi, wala haitoi alama ya kujumlisha au kutoa. Inasema tu kwamba namba tatu za mayai hazionekani kuwa sifuri zote. Na kama bei ya chakula cha kuku inagusa utagaji mapema na idadi ya kuku baadaye, mayai yatatangulia kuku bila kuwafanya chochote. Dawa ni kuingiza bei ya chakula kwenye modeli zote mbili na kupima upya, lakini dawa hiyo inatibu tu yale uliyoweza kuyapata kwa takwimu.

Kuna mtego mbaya zaidi, ambao takwimu za kuku hazina: watu hutazama mbele. Kenya hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, zinaanza kutumika usiku wa kuamkia 15. Tuseme bei ya soko la dunia imepanda na kila dereva anajua kitakachokuja. Misururu inajaa kwenye vituo tarehe 14. Ukiweka mauzo ya kila siku upande mmoja na bei upande wa pili, mauzo ya jana yatatabiri bei ya leo vizuri kabisa. Ila ukifunga vituo vyote siku hiyo, bei itapanda vilevile.

Kabla ya haya yote, chora mifululizo yako uiangalie. Kama inapanda au kutangatanga bila kurudi kwenye wastani wake, jedwali la kawaida la F haliaminiki, na p ndogo inaweza kutokea bure. Wengi huchukua tofauti za mwaka hadi mwaka badala ya viwango vyenyewe. Mimi napenda njia ya Toda na Yamamoto ya mwaka 1995: ongeza mwaka mmoja wa ziada nyuma kwenye modeli (kama mfululizo unatulia baada ya kutoa tofauti mara moja), halafu usiupime huo wa ziada, pima ile ya awali tu. Badilisha pia idadi ya miaka ya nyuma: moja, mbili, nne. Kama jibu linageuka kila unapobadilisha, hilo lenyewe ndilo la kuandika kwenye ripoti.

Na sentensi ninayoiandika mimi ni hii: "Mayai ya miaka mitatu iliyopita yanaboresha utabiri wa idadi ya kuku, ukilinganisha na kutumia historia ya kuku peke yake." Mteja akiuliza kama basi aongeze mayai ili apate kuku, namwambia kipimo hiki hakikujaribu hilo. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza mayai kwa makusudi katika miaka hiyo 54. Tuliyatazama tu yakipita.