Geraniol haipo kwenye lebo, lakini ngozi imeiona

Anayepimwa mzio wa manukato kwa viraka vya mgongoni hurudi nyumbani na jina moja au mawili ya kuepuka. Tuchukue geraniol, maana hukutwa mara nyingi na ina ndugu wengi. Kazi inayobaki ni kusoma lebo, na hapo ndipo watu hupotea: wanatafuta jina, hawalioni, wanapaka, na baada ya siku mbili kwapa linawasha.

Kwenye lebo, manukato yote huruhusiwa kufichwa ndani ya neno moja, Parfum. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya ndiyo iliyolazimisha baadhi ya visababishi vya mzio vitajwe kimoja kimoja, mwanzo vikiwa 26. Lakini kutajwa kuna kizingiti: asilimia 0.001 kwa kinachobaki kwenye ngozi, kama losheni na krimu, na asilimia 0.01 kwa kinachosuuzwa, kama shampuu na sabuni. Chini ya hapo mtengenezaji halazimiki kuandika kitu.

Piga hesabu. Chupa ya losheni ya gramu 200 ina kizingiti cha miligramu 2. Ikiwa manukato ni asilimia 0.3 ya losheni, chupa nzima ina miligramu 600 za manukato. Geraniol ikiwa asilimia 0.3 ya manukato hayo, ni miligramu 1.8. Haitaandikwa, nayo imo. Shampuu ya uzito huohuo inaweza kubeba karibu miligramu 20 bila kuitaja. Kwa hiyo, ukiona Parfum na huoni jina lako, lebo haijakuambia kwamba kitu hicho hakimo. Imekuambia tu kwamba hakijavuka kizingiti. Kwa ngozi iliyokwisha kuzoea kujibu mashambulizi, mimi huhesabu neno Parfum peke yake kuwa sababu tosha ya kurudisha chupa rafuni, hasa kwa vitu vya kubaki mwilini.

Sasa soma orodha hii ya krimu ambayo mbele ya boksi imeandikwa kwamba haina manukato ya kutengenezwa:

```
Aqua, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Butyrospermum Parkii Butter,
Phenoxyethanol, Pelargonium Graveolens Flower Oil,
Citronellol, Geraniol, Linalool, Citral
```

Neno Parfum halipo, na dai la mbele si uongo. Manukato yametoka kwenye mafuta tete ya mmea, ambayo kwa asili yana citronellol na geraniol. Ngozi haitofautishi geraniol ya ua na ya maabara. Citral nayo ni ya kuangaliwa na mtu huyuhuyu, kwa sababu ngozi yenyewe inaweza kuigeuza geraniol kuwa geranial, ambayo ni sehemu ya citral. Cetearyl Alcohol usiiogope: licha ya jina, ni kilainishi chenye asili ya mafuta, si manukato.

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, lakini vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote. Ndiyo maana majina haya hujazana mwishoni, na nafasi yake pale haikuambii kipi kimezidi kipi. Anza kusoma kutoka mkiani.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, namba 2023/1545, imeongeza orodha ya visababishi vya kutajwa hadi zaidi ya 80. Kwa mtu wa geraniol, jina jipya la maana ni Geranyl Acetate, ambalo ngozini huweza kuvunjika na kutoa geraniol. Zamani lilikaa kimya ndani ya Parfum.

Lebo ikipita, jaribu bidhaa kabla ya kuipaka usoni. Paka kiasi kidogo mara mbili kwa siku sehemu ileile ya mkono wa ndani karibu na kiwiko, kwa siku 7 hadi 14, na acha mara tu vipele au mwasho vikitokea. Usiku mmoja hautoshi, kwani mzio wa kugusana huchelewa. Usijaribu hivyo sabuni au shampuu. Zikiachwa bila kusuuzwa huchoma ngozi yoyote na utadhani ni mzio.

Usitupe boksi pia, kwa kuwa orodha ya viambato inaruhusiwa kuwa juu yake tu na isiwepo kwenye chupa. Na usishtuke losheni uliyoizoea ikija na majina mapya manne. Bidhaa mpya sokoni zinapaswa kufuata orodha ndefu kuanzia tarehe 31 Julai 2026, na zilizokwisha kuwapo zina muda hadi 31 Julai 2028, hivyo huenda kimiminika ni kilekile na kilichobadilika ni wino tu. Lakini kama Geranyl Acetate imo kati ya hayo manne na kwapa lako halijawahi kutulia, sasa unajua la kumwonyesha daktari wa ngozi.